Kunakili sudoku kutoka kwenye skrinshoti bila kukosea, kisha kuitatua: mwongozo kamili

Malalamiko ni yaleyale: mtu amenakili sudoku kutoka kwenye skrinshoti, amehangaika nayo saa nzima, mwishowe anatangaza kwamba haina jibu. Mara nyingi sudoku yenyewe ni nzima. Kilichoharibika ni nakala: 8 moja imesomwa kuwa 3, au mstari mmoja umesogea kisanduku kimoja kulia. Kosa hilo halionekani mwanzoni. Linajitokeza baada ya kujaza visanduku arobaini, na hapo hujui tena lilipoanzia.

Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu ni kunakili na kukagua. Kutatua kunakuja mwishoni, kwa mfano mmoja kuanzia kisanduku cha kwanza hadi cha mwisho. Tunazungumzia sudoku ya kawaida tu, ya visanduku 9 kwa 9. Zile zenye vizimba vya jumla au mishale zina kanuni zake nyingine.

## Vitu vya kuandaa

- Skrinshoti asili, siyo picha ya skrini iliyopigwa kwa simu nyingine.
- Daftari la hesabu lenye miraba, au karatasi uliyoichora gridi mwenyewe.
- Kalamu ya wino kwa tarakimu za mwanzo, penseli na kifutio kwa zile utakazojaza.
- Rula, au kipande cha karatasi chenye ukingo ulionyooka.
- Programu yoyote ya kuandika maandishi matupu. Usitumie ile ya kuandikia barua. Sababu iko kwenye hatua ya 3.
- Kwa hiari, kompyuta au simu yenye Python.

Tukubaliane majina. Mstari ni ule wa kulala, tunauhesabu kutoka juu kwenda chini. Safu ni ile ya kusimama, tunaihesabu kutoka kushoto kwenda kulia. Boksi ni kundi la visanduku 3 kwa 3. Boksi la 1 liko juu kushoto, la 3 juu kulia, la 9 chini kulia. M2S7 maana yake mstari wa 2, safu ya 7.

## Hatua ya 1: Kagua picha kabla ya kuisoma

Ikuze picha mpaka boksi moja lijaze upana wa skrini, kisha tazama kingo za tarakimu. Zikiwa na ukungu au vidoa vya kijivu, picha imebanwa. Hilo hutokea sana picha ikitumwa WhatsApp kama picha ya kawaida. Mwombe aliyekutumia aitume tena kama dokumenti, ndipo itafika na ubora wake wote.

Hakikisha pia kingo zote nne za gridi zinaonekana. Skrinshoti iliyokatwa vibaya hupoteza safu ya 9 au mstari wa 9, na kwa kuwa visanduku vingi ni vitupu, huwezi kugundua kwa kutupia jicho tu. Hesabu mistari minene: kulala iwe minne na kusimama iwe minne, ukijumlisha na ile ya pembeni.

Umefaulu ikiwa: unaweza kuona tundu mbili ndani ya kila 8 bila kukisia.

## Hatua ya 2: Tenga tarakimu za mwanzo na za mchezaji

Skrinshoti nyingi hupigwa mtu akiwa katikati ya mchezo. Kwa hiyo ndani yake mna vitu vitatu vilivyochanganyika: tarakimu za mwanzo zilizowekwa na mtunzi, majibu ya mchezaji, na vijitarakimu vidogo vya kukisia. Unachonakili ni za mwanzo peke yake. Jibu la mchezaji linaweza kuwa kosa, na ukilinakili umelipa hadhi ya ukweli usiopingika.

Kwenye programu nyingi tarakimu za mwanzo ni nyeusi au nzito zaidi, na za mchezaji ni za bluu. Nyekundu kwa kawaida ni jibu ambalo programu yenyewe imelikataa. Lakini angalia: mandhari ya giza hugeuza rangi hizo, na kisanduku kilichoguswa hupakwa rangi ya nyuma inayobadilisha mwonekano wa tarakimu iliyomo. Ukiwa na shaka, linganisha unene wa mwandiko badala ya rangi.

Vijitarakimu vidogo vina mtego wake. Kikiwa kimoja tu ndani ya kisanduku, hasa katikati, macho hukichukulia kuwa tarakimu kamili. Pima urefu wake kwa kukilinganisha na cha jirani.

## Hatua ya 3: Nakili mstari kwa mstari

Weka ukingo wa karatasi chini ya mstari unaousoma, juu ya skrini yenyewe. Andika tarakimu tisa kwa kila mstari, na pale penye kisanduku kitupu andika 0. Wengine hutumia nukta. Nukta inapendeza machoni, lakini Word na ndugu zake hugeuza nukta tatu zilizofuatana kuwa alama moja, na mstari wa herufi tisa unabaki na saba. Sifuri haina shida hiyo, tena sudoku haitumii 0, kwa hiyo hapana mkanganyiko.

Soma kwa makundi ya tatu, boksi kwa boksi, ukitamka: "mbili, nane, tupu, sita, moja, tatu, tupu, tupu, tupu." Mistari minene ndiyo inayokulinda usiruke. Anayesoma tisa kwa mkupuo hupotea kwenye mstari wenye vitupu vingi, kwa sababu vitupu vitano na vitupu sita vinafanana sana kwa jicho.

Hii ndiyo sudoku tutakayoifanyia kazi, ikiwa imenakiliwa sawasawa:

```
280613000
905000800
006000000
070060010
350804076
020090050
000000400
008000603
000978025
```

### Tarakimu zinazodanganya

Zinazochanganywa zaidi ni 8 na 3, 8 na 6, 5 na 6, na 1 na 7. Usizitazame kwa jumla. Tazama upande wa kushoto. 8 imefungwa kushoto juu na chini. 3 iko wazi kushoto kote. 6 imefungwa chini na ina mkia juu. 5 ina paa la bapa na tumbo lililo wazi kushoto. Kwa 1 na 7, tazama paa: la 7 limenyooka mpaka kona, la 1 ni kijembe kifupi kinachoteremka.

Ukikuta mwandiko usioeleweka, tafuta tarakimu hiyohiyo mahali pengine kwenye picha, au kwenye safu ya vitufe vya 1 hadi 9 iliyo chini ya gridi. Mwandiko mara nyingi ni uleule, na pale chini unajua hakika ipi ni ipi.

### Ukitumia programu ya kusoma picha

Usiipe gridi nzima. Itasoma mistari ya gridi kuwa 1, na itameza vitupu, hivyo mstari wa kwanza utarudi ukiwa `28613` na hutajua ile 6 ilikuwa safu gani. Kata picha kwanza. Gridi yenye upana wa pikseli 1080 ina visanduku vya pikseli 120. Punguza pikseli kama 12 kila upande ili mistari isiingie, ruka visanduku vitupu, kisha soma kimoja kimoja. Kwa Tesseract:

```
tesseract kisanduku.png stdout --psm 10 -c tessedit_char_whitelist=123456789
```

Matokeo yake yapitishe kwenye ukaguzi uleule unaofuata. Mashine nayo huchanganya 8 na 3.

## Hatua ya 4: Kagua nakala

Fuata mpangilio huu, kwa sababu ukaguzi wa mwanzo ni wa haraka na wa mwisho ndio mkali.

### 4.1 Idadi

Kila mstari uwe na herufi 9, jumla 81. Kisha hesabu tarakimu zisizo sifuri kwenye nakala, halafu hesabu upya kwenye picha, ukiwa umefunika nakala. Kwenye mfano wetu ni 5, 3, 1, 3, 6, 3, 1, 3, 5, yaani 30.

Ukipata chini ya 17, umeacha kitu. Mwaka 2012 timu ya Gary McGuire wa University College Dublin ilithibitisha kwa kompyuta kwamba hakuna sudoku yenye tarakimu 16 za mwanzo inayoweza kuwa na jibu moja tu. Vilevile angalau aina nane kati ya 1 hadi 9 lazima zionekane. Zikikosekana aina mbili, mathalani 4 na 7, unaweza kuzibadilishana kwenye jibu lote na bado likawa sahihi, kwa hiyo majibu yangekuwa mawili.

### 4.2 Umbo

Watunzi wengi hupanga tarakimu za mwanzo kwa ulinganifu: ukigeuza gridi juu chini, visanduku vilivyojazwa vinabaki palepale. Siyo tarakimu zinazolingana, ni mahali zilipo. Mstari wa 1 hulinganishwa na wa 9 uliosomwa kinyumenyume, wa 2 na wa 8, na kuendelea.

Kwenye mfano wetu mstari wa 2 umejazwa safu ya 1, 3 na 7. Mstari wa 8 umejazwa 3, 7 na 9. Ukigeuza, 1 inakuwa 9, 3 inakuwa 7, 7 inakuwa 3. Zinalingana. Sasa tuseme ulinakili mstari wa 8 kuwa `080006030`. Herufi ni tisa, tarakimu ni tatu, ukaguzi wa idadi umepita bila neno. Ulinganifu ndio unaokushtua, maana sasa visanduku vilivyojazwa ni 2, 6 na 8.

Tahadhari: si kila sudoku ina ulinganifu. Jozi karibu zote zikilingana na mbili tu zikakataa, shuku hizo mbili. Zikikataa nyingi, mtunzi hakuutumia; achana na ukaguzi huu.

### 4.3 Marudio

Pitia mistari 9, safu 9 na maboksi 9, ukitafuta tarakimu iliyojirudia. Hapa makosa mengi ya kusoma hunaswa. Chukua ile 1 iliyoko M4S8. Ukiisoma kuwa 7, inagongana na 7 ya M4S2 kwenye mstari, na 7 ya M5S8 kwenye safu na kwenye boksi. Kosa moja, kengele tatu.

Lakini marudio hayanasi yote, na watu wengi huishia hapa wakiamini wamemaliza.

### 4.4 Nafasi

Sasa tufanye kosa lililofichika. Kwenye M2S7 kuna 8. Tuseme umeisoma kuwa 3, hivyo mstari wa 2 ukawa `905000300`. Mstari hauna 3 nyingine. Safu ya 7 ina 3, 4, 6, hakuna marudio. Boksi la 3 lina hiyo 3 peke yake. Idadi ni 30 ileile, umbo ni lilelile. Kila kitu kinaonekana safi.

Uliza swali tofauti: je, kila tarakimu inayokosekana kwenye boksi ina mahali pa kukaa? Nenda boksi la 6, lile la katikati kulia. Limekosa 3. Safu yake ya katikati, yaani safu ya 8, imejaa: 1, 7, 5. Kwa hiyo 3 lazima ikae safu ya 7 au ya 9. Safu ya 9 tayari ina 3 kwenye M8S9. Safu ya 7 nayo, kwa nakala yako, ina 3 kwenye M2S7. Hakuna mahali.

Hapo usifute ovyo. Zilizoziba njia ni tarakimu chache tu: 3 mbili hizo, na 1, 7, 5 za safu ya 8. Rudi kwenye picha uzitazame hizo tano peke yake. Utakuta M2S7 imefungwa upande wa kushoto, juu na chini. Ni 8.

Fanya jaribio hili kwa kila boksi lenye tarakimu nne au zaidi. Kwenye maboksi matupu halisemi kitu.

### 4.5 Soma upya kwa safu

Mwisho, nakili picha mara ya pili bila kuangalia nakala ya kwanza, safari hii ukishuka safu kwa safu. Safu ya 7 inasomeka `080000460`. Kisha linganisha na nakala ya mistari. Ukisoma upya kwa mistari, macho hurudia kosa lilelile kwa sababu yamekwisha zoea. Ukishuka kwa safu, majirani ni wengine na ile 3 ya uongo haina pa kujificha.

Kwa mtu asiye na kompyuta, ukaguzi huu ndio wa kutegemea kuliko yote. Ukiwa na muda wa ukaguzi mmoja tu, fanya huu.

## Hatua ya 5: Hesabu majibu kwa Python (hiari)

Sudoku iliyotungwa vizuri ina jibu moja. Programu hii inahesabu majibu na kusimama ikifika mawili:

```python
g = ("280613000" "905000800" "006000000"
     "070060010" "350804076" "020090050"
     "000000400" "008000603" "000978025")

def majibu(g, kikomo=2):
    if "0" not in g:
        return 1
    bora = None
    for i in range(81):
        if g[i] == "0":
            tumika = {g[j] for j in range(81)
                      if j//9 == i//9 or j%9 == i%9
                      or (j//27 == i//27 and j%9//3 == i%9//3)}
            wazi = [t for t in "123456789" if t not in tumika]
            if bora is None or len(wazi) < len(bora[1]):
                bora = (i, wazi)
    i, wazi = bora
    n = 0
    for t in wazi:
        n += majibu(g[:i] + t + g[i+1:], kikomo - n)
        if n >= kikomo:
            break
    return n

print(len(g), 81 - g.count("0"), majibu(g))
```

Kwa nakala sahihi itaandika `81 30 1`. Kwa nakala yenye 3 kwenye M2S7 itaandika `81 30 0`. Sifuri mwishoni maana yake kuna tarakimu iliyosomwa vibaya au iliyowekwa pasipo pake. Mbili maana yake, mara nyingi, umeacha tarakimu moja au zaidi.

Programu haikagui marudio kati ya tarakimu za mwanzo, kwa hiyo usiitumie kabla ya 4.3. Tena 1 si hati ya usafi: yawezekana, ingawa ni nadra, kosa likazaa sudoku nyingine yenye jibu lake moja. Kuacha tarakimu nako kunaweza kusikuathiri. Jibu likibaki moja, ni lilelile, ila utalifikia kwa jasho zaidi.

## Hatua ya 6: Tatua

Hamishia nakala kwenye karatasi kwa wino, ukiacha wazi penye sifuri. Majibu yako yaandike kwa penseli. Ukikwama, utajua hakika yapi ni ya mtunzi na yapi ni yako.

Kwa sudoku hii maswali mawili yanatosha. La kwanza: kisanduku hiki kinaweza kupokea tarakimu gani? La pili: tarakimu hii inaweza kukaa wapi ndani ya mstari, safu au boksi hili? Hakuna kubahatisha.

### Anza palipojaa

Mstari wa 5 una sita tayari. Umekosa 1, 2, 9. Kisanduku M5S5 hakiwezi kuwa 1 (iko M1S5) wala 9 (iko M6S5). Ni 2. M5S7 haiwezi kuwa 1, kwa kuwa boksi la 6 lina 1 kwenye M4S8. Ni 9. M5S3 inabaki na 1.

Boksi la 4 sasa limekosa 4, 6, 8, 9. Tarakimu 6 haiwezi kukaa mstari wa 4 wala safu ya 3, maana zote zina 6; inabaki M6S1. Safu ya 3 ina 8, hivyo 8 inakwenda M4S1. Mstari wa 6 una 9, hivyo 9 ni ya M4S3. Iliyobaki, M6S3, ni 4.

Boksi la 5 limekosa 1, 3, 5, 7. Mstari wa 4 una 1 na 7, kwa hiyo visanduku vyake viwili, M4S4 na M4S6, ni vya 3 na 5. Safu ya 6 ina 3: M4S4 ni 3, M4S6 ni 5. Zile 1 na 7 za mstari wa 6 ziache kwanza. Bado hakuna kinachoziamua. Kuacha kisanduku wazi si kushindwa. Wanaolazimisha hapa ndio wanaofuta karatasi mpaka itoboke.

Mstari wa 4 umebaki na 2 na 4. Safu ya 7 ina 4 kwenye M7S7, kwa hiyo M4S7 ni 2 na M4S9 ni 4. Boksi la 6 limebaki na 3 na 8: safu ya 9 ina 3, hivyo M6S7 ni 3 na M6S9 ni 8. Hapa ndipo ile nakala mbovu ingekukwamisha.

```
280613000
905000800
006000000
879365214
351824976
624090358
000000400
008000603
000978025
```

### Panda kwa safu ya 3, teremka kwa safu ya 7

Safu ya 3 imekosa 2, 3, 7. M1S3 haiwezi kuwa 2 wala 3, kwani zote zimo kwenye mstari wa 1. Ni 7. Mstari wa 9 una 2, kwa hiyo M9S3 ni 3 na M7S3 ni 2.

Mstari wa 1 umebaki na 4, 5, 9. Safu ya 7 na ya 9 zote zina 4, hivyo 4 ni ya M1S8. Safu ya 9 ina 5, hivyo M1S7 ni 5, na M1S9 ni 9.

Safu ya 7 imebaki na 1 na 7. Mstari wa 9 una 7: M9S7 ni 1, M3S7 ni 7.

Boksi la 3 limekosa 1, 2, 3, 6. Safu ya 8 ina 1 na 2 tayari, kwa hiyo M2S8 na M3S8 ni za 3 na 6. Mstari wa 3 una 6, basi M3S8 ni 3 na M2S8 ni 6. Mstari wa 3 ukishapata 3, boksi la 1 linaweka 3 yake M2S2.

Sasa tazama M3S1 na M3S2: boksi la 1 limebaki na 1 na 4, na zitakaa humo kwa mpangilio wowote. Hatujui ipi iko wapi, lakini tunajua 1 ya mstari wa 3 iko kwenye mojawapo. Kwa hiyo M3S9 haiwezi kuwa 1. Ni 2, na M2S9 ni 1. Safu ya 9 imebaki na 7 kwa M7S9.

### Chini, kisha katikati

Mstari wa 9 umebaki na 4 na 6. Safu ya 1 ina 6, hivyo M9S1 ni 4 na M9S2 ni 6. Papo hapo M3S1 inakuwa 1 na M3S2 inakuwa 4. Safu ya 1 imebaki na 5 na 7. Mstari wa 7 una 7, hivyo M7S1 ni 5 na M8S1 ni 7.

Boksi la 9 limebaki na 8 na 9. Mstari wa 8 una 8: M8S8 ni 9, M7S8 ni 8. Kwa kuwa mstari wa 8 umepata 9, kwenye safu ya 2 ile 9 inakwenda M7S2 na 1 inakwenda M8S2.

Zimebaki safu tatu za katikati:

```
287613549
935000861
146000732
879365214
351824976
624090358
592000487
718000693
463978125
```

Mstari wa 2 umekosa 2, 4, 7, na safu ya 5 ina 2 na 7, hivyo M2S5 ni 4. Mstari wa 3 umekosa 5, 8, 9: safu ya 4 na ya 6 zina 8, kwa hiyo M3S5 ni 8, safu ya 4 ina 9, hivyo M3S6 ni 9 na M3S4 ni 5. Mstari wa 7 umekosa 1, 3, 6: safu ya 4 na ya 6 zina 3, hivyo M7S5 ni 3, safu ya 4 ina 6, hivyo M7S6 ni 6 na M7S4 ni 1.

Ile 1 ya M7S4 ndiyo tuliyokuwa tukiingoja. Inaamua mstari wa 6: M6S4 ni 7, M6S6 ni 1. Nayo 7 hiyo inaamua mstari wa 2: M2S4 ni 2, M2S6 ni 7. Mstari wa 8 umebaki na 2, 4, 5. Safu ya 4 ina 2 na 5, hivyo M8S4 ni 4. Safu ya 5 imebaki na 5 kwa M8S5, na M8S6 ni 2.

## Hatua ya 7: Thibitisha jibu dhidi ya picha

```
287613549
935247861
146589732
879365214
351824976
624791358
592136487
718452693
463978125
```

Kila mstari, safu na boksi liwe na 1 hadi 9 mara moja. Usitegemee jumla ya 45: ukiweka 5 mbili badala ya 4 na 6, jumla ni ileile. Hesabu tarakimu moja moja, 1 zote, kisha 2 zote. Kila moja iwe tisa.

Halafu rudi kwenye skrinshoti, siyo kwenye nakala, na uzipitie zile 30 za mwanzo dhidi ya jibu.

Ikiwa ulikwama katikati, tumia jaribio la 4.4 palepale ulipokwama. Andika tarakimu zilizoziba njia, na tenga za wino na za penseli. Zikiwa zote ni za wino, kosa ni la kunakili, na liko miongoni mwa hizo au za karibu nazo. Zikiwemo za penseli, rudi nyuma ukiuliza kila moja iliwekwa kwa sababu gani. Ya kwanza isiyo na sababu, ifute pamoja na zote zilizoifuata.

Na unapolihamishia jibu kwenye programu, programu ikaonyesha nyekundu kwenye kisanduku kimoja au viwili tu, usianze kutafuta kosa la hesabu. Tazama kwanza kama kidole hakikugusa kitufe cha jirani.